UZI: Umepewa wastani tu, unaweza kusema nini kwa uhakika? Kanuni ya Markov kwa wanaoanza

KalamuNaHesabu

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu naona kinawasumbua sana madogo wanaoanza takwimu, na hata watu wa makazini wanaoletewa ripoti yenye avereji peke yake, nikaona nikiandikie uzi taratibu ili kila mtu aondoke nacho.

Swali lenyewe ni hili. Mtu kakupa wastani. Hajakupa orodha ya namba, hajakuchorea grafu, hajakwambia namba zimetawanyika vipi. Je kuna lolote unaloweza kulisema bila kubahatisha kuhusu wale waliopaa mbali juu ya huo wastani? Wengi nikiwauliza wanasema hakuna, avereji inaficha kila kitu. Ni kweli inaficha mengi, ila sio yote.

Tuchukue kikoba. Wanachama 20, wastani wa akiba ni shilingi 50,000 kwa kila mmoja. Nataka kujua ni wangapi wanaweza kuwa na 250,000 au zaidi, yaani mara tano ya wastani. Sijui nani kaweka nini, najua wastani tu.

Sasa kumbukeni wastani unatoka wapi: ni jumla gawanya kwa watu. Kwa hiyo anayekupa wastani na idadi ya watu kakupa na jumla bila kukwambia, hapa ni 50,000 mara 20, shilingi milioni moja. Ndani ya sanduku kuna milioni moja, haizidi hata senti. Jaribu kuweka watu watano wenye 250,000 kila mmoja, hao peke yao wanahitaji 1,250,000, hela haitoshi hata kama wale kumi na tano waliobaki hawana kitu. Watu wanne je? Wanne wanahitaji milioni moja kamili, inatosha kwa kubana, wengine kumi na sita wote wawe na sifuri. Kwa hiyo jibu ni wanne, hawawezi kuzidi. Wanne kati ya 20 ni moja ya tano, na tulikuwa tunauliza mara tano ya wastani, hiyo haijatokea kwa bahati.

Ukiuliza mara kumi ya wastani unapata si zaidi ya moja ya kumi, yaani watu wawili. Mara ishirini, moja ya ishirini, mtu mmoja aliyebeba kikoba kizima. Kwa ujumla ukichagua mwanachama mmoja kwa kura, uwezekano wa kumpata mwenye mara k ya wastani au zaidi hauwezi kuzidi 1/k. Kwa maandishi ya darasani inaandikwa hivi, X ni namba yenyewe, E[X] ni wastani wake na a ni kiwango unachokiuliza:

```
P(X >= a) <= E[X] / a
```

Sharti ni moja tu, X isishuke chini ya sifuri. Hiyo ndiyo kanuni ya Markov. Andrei Markov alikuwa Mrusi wa St. Petersburg, alizaliwa 1856 akafariki 1922, mwanafunzi wa Chebyshev, na Chebyshev mwenyewe alishaitumia kabla yake ingawa jina limebaki kwa mwanafunzi.

Tafadhali mwenye swali aulize hata kama anaona ni dogo, nitajibu kadiri nitakavyopata muda.

dogo_wa_takwimu

Asante sana mkuu, hii ya jumla haijawahi kuelezwa hivi darasani kwetu, tuliandikiwa hiyo fomula na alama ya intego tukaambiwa tukakariri. Sasa nimeelewa: asilimia 20 ya watu wana mara tano ya wastani, asilimia 10 wana mara kumi, asilimia 5 wana mara ishirini. Naweza kuitumia kwa mishahara, mvua, chochote ambacho hakina hasi.

KalamuNaHesabu

Dogo umeshika nusu, hiyo nusu nyingine ndio inayoangusha watu kwenye mtihani. Sijasema asilimia 20 WANA mara tano. Nimesema HAWAZIDI asilimia 20. Inawezekana kabisa hakuna hata mmoja. Kama wote ishirini wameweka 50,000 kila mmoja wastani ni uleule 50,000 na waliofikia 250,000 ni sifuri, kanuni iko sawa kwa sababu sifuri haijazidi moja ya tano.

Angalia tena orodha yako mwenyewe, ukisema asilimia 5 wana mara ishirini ya wastani maana yake hao asilimia 5 peke yao wamebeba jumla yote. Wale wa mara tano hela wanaitoa wapi tena? Kila kikomo kinaweza kufikiwa kikiwa peke yake, ila haviwezi kufikiwa vyote kwa pamoja kwenye kikoba kimoja.

Mama_Hisa

Kaka Kalamu mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu na nimesoma mpaka mwisho, lakini hapo kwenye wanne wana hela na kumi na sita hawana hata shilingi nimekwama. Hakuna kikoba cha namna hiyo jamani. Kwetu tuko 25, wastani wa hisa ni 60,000 na ukishindwa kufikisha 40,000 unatolewa, hakuna mwenye chini ya hapo. Kwa hesabu yako mara tano ya wastani ni 300,000 na wanaoweza kuifikia ni watano kati ya 25. Mimi nakwambia haiwezekani wakawa watano, nalijua daftari langu.

KalamuNaHesabu

Dada umesema jambo la maana sana na nafurahi limetoka kwa mtu mwenye daftari mkononi. Kanuni haijakosea, imesema "hawazidi watano", ila haikujua habari ya hiyo 40,000 kwa sababu hatukuiambia. Tuiambie sasa tuone.

Kila mtu ana angalau 40,000, hizo tuziweke pembeni, hazibishaniwi. Tuangalie kilichozidi juu ya 40,000. Wastani wa kilichozidi ni 60,000 toa 40,000, yaani 20,000. Na hicho kilichozidi hakiwezi kuwa hasi, kwa hiyo sharti limetimia. Mtu wa 300,000 kilichozidi kwake ni 260,000. Sasa gawanya, 20,000 kwa 260,000 ni moja ya 13. Kati ya watu 25 moja ya 13 haifiki watu wawili, na kwa kuwa hakuna kipande cha mtu, ni mmoja tu.

Hakiki kwa mkono. Jumla yenu ni 60,000 mara 25, milioni moja na nusu. Wawili wa 300,000 ni 600,000, waliobaki 23 kwa 40,000 ni 920,000, ukijumlisha unapata 1,520,000, imepita kwa 20,000. Haiwezekani. Mmoja inawezekana.

Umeona kutoka watano tumeshuka hadi mmoja kwa habari moja tu ya kiwango cha chini. Kwa hiyo ukiwa na kitu ambacho hakishuki chini ya kiwango fulani kikubwa kuliko sifuri, usiitumie kanuni ikiwa mbichi, toa kwanza hicho kiwango ndio ugawanye.

Mama_Hisa

Hapo sawa. Na ni kweli tunaye mmoja mwenye zaidi ya laki tatu, na anajulikana. Hiyo ya kutoa 40,000 kwanza nitawaonyesha kwenye kikao maana kuna watu huwa wanalalamika kwamba "wakubwa ni wengi".

DukaLaSimu_Kkoo

Mkuu mi nauza vifaa vya simu, faida yangu kwa siku wastani ni elfu kumi. Ila nina siku nyingi tu za kupiga elfu hamsini, nyingi kuliko moja kwa tano, karibu nusu ya siku zangu ziko hivyo. Sasa hiyo Markov mbona imenikataa au wastani wangu naukosea, maana nimeupiga mara mbili unatoka uleule.

KalamuNaHesabu

Kabla sijajibu, zile siku nyingine zikoje? Kuna siku unarudi nyumbani na hasara?

DukaLaSimu_Kkoo

Zipo ndio, mzigo ukija mbovu au bei ikishuka ghafla nauza chini ya nilivyonunua. Inafika hasara ya elfu thelathini ila haipiti hapo kwa sababu sichukui mzigo mkubwa kwa mara moja.

KalamuNaHesabu

Basi wastani wako uko sawa na hesabu ya Markov haijakukataa, ni kwamba haikuhusu kama ilivyo. Chukua nusu ya siku faida 50,000, nusu nyingine hasara 30,000. Wastani ni 20,000 gawanya kwa mbili, 10,000 kamili. Na nusu ya siku ziko mara tano ya wastani. Moja ya tano imepitwa mbali.

Kilichovunjika ni kitu gani? Kwenye kikoba nilisema wanne wakila milioni yote hakuna kilichobaki, na wale wengine hawawezi kuwa chini ya sifuri ili kuwaongezea hao wakubwa. Kwenye faida zako siku za hasara zinafanya kazi hiyohiyo, zinavuta wastani chini, zinaacha nafasi ya siku kubwa kuwa nyingi. Hasara ikiruhusiwa kushuka bila mwisho hakuna kikomo kabisa, unaweza kuwa na asilimia 99 ya siku zilizo mara mia ya wastani na siku moja moja mbaya sana inayolipia zote.

Ila wewe umesema hasara haipiti 30,000, hiyo ni habari ya kutosha. Ongeza 30,000 kwa kila siku, sasa hakuna hasi. Wastani unakuwa 40,000, siku ya faida 50,000 inakuwa 80,000. Gawanya 40 kwa 80, nusu. Yaani kwa mtu mwenye wastani kama wako na hasara isiyozidi elfu thelathini, siku za elfu hamsini haziwezi kuzidi nusu. Na wewe umesema karibu nusu, kwa hiyo uko ukingoni kabisa, siku zako karibu zote ni ama za juu sana ama za chini sana, za katikati ni chache.

DukaLaSimu_Kkoo

Ni kweli kabisa, sina siku za katikati. Asante.

Pwani_Yetu

Samahani wadau, Markov si ni ile ya minyororo, kwamba hali ya kesho inategemea ya leo tu? Mimi niliingia nikidhani mtaelezea utabiri wa mvua, nina kazi ya kukabidhi wiki ijayo.

KalamuNaHesabu

Mtu ni yuleyule, kitu ni kingine. Hapa hakuna leo wala kesho, ni namba moja na wastani wake. Ya minyororo inahitaji uzi wake, fungua mwingine nitakuja kuchangia.

Seva_Usiku

Nasimamia mfumo wa malipo, nimekuja na kesi yangu. Wastani wa kujibu ombi moja ni milisekunde 200. Bosi anataka tumwandikie mteja kwamba ombi linalochukua sekunde 2 au zaidi halitazidi 1 kati ya 100. Nikitumia hii, sekunde 2 ni milisekunde 2,000, mara kumi ya wastani, inanipa 1 kati ya 10. Hiyo haina msaada kwangu. Ili nipate 1 kati ya 100 inabidi niahidi mara mia ya wastani, sekunde 20, mteja atanifukuza. Kwa hiyo kwa kazi halisi naona hii kanuni ni ya darasani tu.

KalamuNaHesabu

Sekunde 20 ndizo unazoweza kuziahidi kwa wastani peke yake, na hakuna fomula nyingine duniani itakayokupa chini ya hapo kwa habari hiyohiyo. Naomba hili lieleweke maana watu wanasema kanuni ni legevu kana kwamba kuna aliyezembea kuikaza. Mfumo ambao maombi 90 kati ya 100 yanajibiwa papo kwa papo kwa milisekunde sifuri na 10 yanachukua sekunde 2 kamili una wastani wa 200 uleule. Wastani hauwezi kuutofautisha mfumo huo na wa kwako. Ukitaka ahadi iliyo bora ongeza habari. Je mkengeuko sanifu wa huo muda unao, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani?

Seva_Usiku

Upo kwenye ripoti, milisekunde 150.

KalamuNaHesabu

Safi, sasa angalia Markov huyuhuyu anavyofanya kazi ukimpa namba nyingine. Badala ya muda wenyewe, chukua umbali wa kila ombi kutoka kwenye wastani, kisha uuzidishe kwa wenyewe, yaani kipeo cha pili. Kitu hicho hakiwezi kuwa hasi, kwa hiyo sharti limetimia. Na wastani wake tayari unao, ndio varianzi: 150 mara 150, ni 22,500.

Ombi la milisekunde 2,000 liko umbali wa 1,800 kutoka 200. Kipeo chake cha pili ni 3,240,000. Gawanya wastani kwa kiwango kama kawaida, 22,500 kwa 3,240,000, unapata 1 kati ya 144. Iko ndani ya ahadi ya bosi wako. Hii ndiyo wanayoiita kanuni ya Chebyshev, na sio fomula mpya ya kukariri, ni Markov aliyepewa umbali uliopigwa kipeo badala ya namba ghafi.

dogo_wa_takwimu

Subiri kidogo mkuu, kwa hiyo tungeweza kuchukua kitu kingine chochote kisicho hasi badala ya hicho kipeo cha pili? Kipeo cha nne kwa mfano?

KalamuNaHesabu

Ndio, alimradi kinakua kadiri umbali unavyokua na wastani wake unaujua. Ukitumia kipeo cha nne mara nyingi unapata kikomo kidogo zaidi huko mbali, ila lazima uwe na wastani wa hivyo vipeo vya nne, na kuukadiria kutoka kwenye data ni kazi ngumu, maana ombi moja la ajabu linauvuruga wote.

Bi_Nasibu

Nimefundisha somo hili miaka kadhaa, naomba kuongeza jambo kwa Seva_Usiku kabla hajapeleka hiyo 1 kwa 144 kwa mteja. Hiyo wastani ya 200 inahesabu maombi gani? Mifumo mingi inakata ombi likipitisha muda fulani, na ombi lililokatwa linaandikwa kama kosa, halipewi muda wowote. Likiachwa nje, wastani na mkengeuko vyote viwili vimehesabiwa kwa yale yaliyofaulu tu, na yaliyochelewa kuliko yote ndiyo hayo hayamo. Kanuni itakupa jibu sahihi kuhusu maombi uliyoyahesabu, mteja anauliza kuhusu aliyoyatuma.

Jinsi ya kujua ni rahisi, linganisha idadi ya maombi yaliyoingia na idadi ya yale yenye muda kwenye ripoti. Zikitofautiana una shimo.

Seva_Usiku

Duh. Tunakata sekunde 5, na nimeangalia sasa hivi, ripoti haiyahesabu. Nikiyaingiza kama sekunde 5 kila moja ni sawa?

Bi_Nasibu

Si sawa, maana hujui lingechukua muda gani kama usingelikata, ungekuwa unaupunguza wastani. Lakini kwa swali lako mahususi huhitaji muda wake, kila lililokatwa limeshapita sekunde 2. Kwa hiyo lihesabu moja kwa moja upande wa waliochelewa, halafu kanuni itumie kwa yaliyobaki na ujumlishe hizo sehemu mbili. Kama yaliyokatwa ni 5 kati ya 1,000, tayari umekula nusu ya ahadi yako kabla ya Chebyshev kuanza.

Mwalimu_Kwale

Nawasalimu kutoka Kwale. Swali langu ni la upande wa chini, mnaongea juu tu. Darasa langu lina wanafunzi 40, wastani wa mtihani ni 40 kwa 100. Mkuu wa shule anataka kujua ni wangapi wanaweza kuwa wamepata 20 au chini, kabla sijapitia tena karatasi zote moja moja. Hii kanuni inaweza?

KalamuNaHesabu

Mwalimu, kwa sifuri peke yake haiwezi. Kujua kwamba namba hazishuki chini ya sifuri kunazuia wakubwa kuwa wengi, hakuzuii wadogo kuwa wengi. Kwenye kikoba changu kumi na sita kati ya ishirini walikuwa na sifuri na wastani ukabaki uleule.

Ila wewe una kitu ambacho kikoba hakina, dari. Hakuna anayepita 100. Badala ya alama alizopata, hesabu alama alizopoteza, 100 toa alizopata. Hizo hazina hasi, wastani wake ni 60. Aliyepata 20 au chini amepoteza 80 au zaidi. 60 kwa 80 ni robo tatu, kwa hiyo hawazidi 30 kati ya 40. Na inaweza kutokea kweli: 30 wakipata 20 na 10 wakipata 100, jumla ni 600 na 1,000, yaani 1,600, gawanya kwa 40 ni 40.

Kwa hiyo unaweza kumwambia mkuu wako kwa uhakika kwamba angalau wanafunzi 10 wamepita alama 20. Sio habari kubwa, lakini ndiyo yote iliyomo ndani ya wastani na dari.

Mwalimu_Kwale

Nimeshukuru sana, nilikuwa nimejaribu kugawanya 20 kwa 40 nikapata nusu nikafikiri ndiyo jibu.

KalamuNaHesabu

Wengi wanafanya hivyo. Ukiona kiwango unachouliza kiko chini ya wastani, ile fomula ya kawaida inakupa zaidi ya 1 kwa wale walio juu yake, yaani haijasema kitu, na hiyo nusu yako haina maana yoyote kwa walio chini.

dogo_wa_takwimu

Mkuu la mwisho, lekchara wetu anataka uthibitisho, na hawezi kukubali "hela haitoshi kwenye sanduku".

KalamuNaHesabu

Atakubali ukiandika hivi, kwa sababu uthibitisho wa vitabuni ni huohuo. Rudi kwenye kikoba cha 20. Kila mwenye 250,000 au zaidi mshushe hadi 250,000 kamili. Kila aliye chini ya hapo mshushe hadi sifuri. Hakuna aliyepandishwa, hapo ndipo unapotumia kwamba hakuna hasi, maana mwenye hasi ungempandisha. Kama hakuna aliyepanda, wastani mpya hauwezi kuzidi wa zamani. Na wastani mpya ni rahisi, ni 250,000 mara sehemu ya watu waliofika huko. Kwa hiyo 250,000 mara hiyo sehemu haizidi 50,000. Gawanya pande zote mbili kwa 250,000. Umemaliza.

Kwa alama, I ni 1 kama X imefika a, vinginevyo ni 0:

```
X >= a * I
E[X] >= a * P(X >= a)
```

Mistari miwili. Pia haijalishi kama X ni ya kuhesabika kama watu au ya mfululizo kama muda, ule mstari wa kwanza ni kweli kwa kila tokeo moja moja.

dogo_wa_takwimu

Nimeiona sasa. Nimejaribu pia kuilinganisha na kitu ninachokijua, muda wa kusubiri wa aina ya eksponensha wenye wastani wa dakika 12. Uwezekano wa kusubiri saa nzima au zaidi ni e kwa kipeo cha hasi 5, kama 0.0067, wakati Markov anasema si zaidi ya 0.2. Tofauti ni kubwa mno, karibu mara thelathini.

KalamuNaHesabu

Sawasawa, na hiyo 0.0067 umeilipia kwa kusema unajua umbo lote la mgawanyo. Kama umbo ulilodhani sio lake, hiyo namba yako inaanguka, 0.2 inabaki.

Seva_Usiku

Narudi na langu, maana bado linanisumbua. Tuseme nimeyahesabu maombi yote vizuri, ya mwezi uliopita. Wastani 200, mkengeuko 150. Ahadi kwa mteja ni ya mwezi UJAO. Hiyo kanuni inaniruhusu?

KalamuNaHesabu

Kwa mwezi uliopita kanuni ni kweli kwa asilimia mia, ni hesabu tu ya namba zilizopo, kama kikoba. Kwa mwezi ujao ni kweli kama wastani na mkengeuko wa mwezi ujao vitakuwa hivyo. Mimi naona ukiwa na maombi milioni na mfumo haujabadilika makadirio yako yako karibu sana na kweli, weka nafasi kidogo uandike ahadi.

Bi_Nasibu

Hapo mimi sikubaliani nawe ndugu Kalamu. Kwa wastani labda. Kwa mkengeuko hapana. Kwenye mifumo ya namna hii maombi machache mazito sana ndiyo yanayobeba varianzi karibu yote, na mwezi ambao hayakutokea utakupa mkengeuko mdogo unaopendeza. Milioni ya maombi hayasaidii kama yote yametoka kwenye mwezi mmoja uliokuwa shwari. Ningependa aangalie mkengeuko wa kila siku kwa miezi kadhaa, na kama unarukaruka, arudi kwa Markov ya wastani na atoe ahadi dhaifu.

KalamuNaHesabu

Ahadi dhaifu ni sekunde 20 Bi Nasibu, hakuna mteja atakayeisaini. Na wastani nao una ugonjwa huohuo, kwa kiasi kidogo tu.

Bi_Nasibu

Kwa kiasi kidogo ndio, na ndiyo hoja yangu. Basi asitumie kanuni hata moja kati ya hizi kwa ahadi, ahesabu moja kwa moja ni maombi mangapi kila siku yalipita sekunde 2, data anayo. Markov ni kwa asiye na orodha.

Seva_Usiku

Orodha ya siku kwa siku ninayo ya miezi minne tu, ya nyuma ilifutwa. Naivuta usiku huu, nikipata idadi za kila siku pamoja na zile zilizokatwa nitaziweka hapa mzione.